Masika Mikindani: ufunge loji, ufungue nusu, au ubaki wazi kwa ofa?

Minada ya korosho ikishaisha, wanunuzi na wenye malori wanaondoka Mtwara, na wageni wa bahari wa Mikindani, Msimbati na Kilwa hawarudi mpaka Juni. Hapo katikati kuna Machi, Aprili na Mei. Mvua inapiga, vyumba vinalala vitupu, na mishahara inadaiwa kila mwisho wa mwezi kama kawaida. Mwenye loji ana njia tatu: kufunga mpaka Juni, kufunga bawa moja na kuendesha lililobaki, au kuacha vyumba vyote wazi na kushusha bei. Hizo tatu tutazipima kwa mizani moja.

Mizani yenyewe ina vipimo vinne.

Cha kwanza ni ofa. Swali la kuuliza ni shilingi ngapi zinabaki kwa kila chumba kilicholala mgeni, baada ya kulipia chai yake, dobi, sabuni na umeme wake. Idadi ya wageni peke yake haikuambii kitu. Cha pili ni saa za watu: ukipunguza kazi, ni mshahara upi unaosimama kweli, na ni upi unaoendelea kudaiwa hata geti likiwa limefungwa? Cha tatu ni matengenezo. Wengi huyasukumia masika kwa kuwa vyumba ni vitupu, wakasahau kwamba masika ni mvua, na kazi nyingine mvua hazitaki. Cha nne ni akiba: pengo la miezi mitatu ni kiasi gani, na hizo pesa zinawekwa lini.

Loji tunayoipigia hesabu

Tuchukue loji ya mfano pale Mikindani, yenye vyumba 14. Bawa la mbele lina vyumba 6, karibu na mapokezi na jiko. Bawa la nyuma lina 8. Bei ya kawaida ni TSh 80,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Wafanyakazi ni 12: walinzi 3, fundi 1, mapokezi 2, wahudumu wa vyumba 3, jikoni 2 na mhudumu mmoja wa meza na baa. Kila mmoja tumemwekea TSh 400,000 kwa mwezi ili hesabu iwe nyepesi, na juu yake tumehesabu michango ya mwajiri ya asilimia 10 ya NSSF na asilimia 0.5 ya WCF. Jumla ya mishahara inafika TSh 5,300,000 hivi kwa mwezi. Gharama nyingine za kuweka mlango wazi (intaneti, bima, maji, umeme wa taa na friji, dizeli ya jenereta) ni TSh 1,100,000. Kwa hiyo mlango ukiwa wazi, hata asiingie mtu, mwezi unakula TSh 6,400,000.

Gharama ya mgeni mwenyewe ni ndogo. Chai ya watu wawili ni TSh 10,000, dobi 3,000, sabuni na maji ya kunywa 2,500. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kinakula uniti 6 hadi 8 kwa usiku, weka 2,500. Jumla TSh 18,000. Chumba kikiuzwa 80,000, kinabakiza 62,000. Kikiuzwa kwa ofa ya 55,000, kinabakiza 37,000. Hiyo 37,000 ishike, itarudi mara nyingi.

Weka namba zako mahali pa hizi. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Njia ya kwanza: kufunga kabisa

*Ofa.* Hakuna ya kuuza, ila kazi ya mauzo haikomi. Simu ya loji ibaki hewani, maana anayetaka kuja Julai na Agosti anauliza Aprili. Kwenye tovuti za kuuza vyumba, funga tarehe tu, usiondoe loji. Ukiiondoa, ukirudi utaanzia chini ya orodha.

*Saa za watu.* Hapa ndipo wengi wanapopotea. Loji iliyofungwa bado inahitaji walinzi 3 na fundi, pamoja na bima na umeme kidogo: kwa mfano wetu TSh 2,500,000 kwa mwezi. Mtu anaitoa hiyo kwenye 6,400,000, anaona ameokoa karibu milioni nne, anafunga geti. Kumbe wale wafanyakazi 8 waliobaki wana mikataba ya kudumu, na mkataba haufungwi kwa kufuli. Gharama yao ni TSh 3,536,000 kwa mwezi, na mdai ni yuleyule.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi ana haki ya siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mwajiri ndiye anayepanga tarehe. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa kufunga una njia safi: wote wanakwenda likizo. Unawalipa, lakini ni deni ambalo ungelilipa hata hivyo, na bora ulilipe Machi kuliko Septemba wakati vyumba vimejaa. Mwezi wa pili na wa tatu ndiyo mtihani. Ama mnakubaliana kwa maandishi likizo isiyo na malipo, ama watu wanaendelea kulipwa, ama unaingia kwenye kupunguza wafanyakazi, jambo lenye taratibu zake: taarifa, mashauriano, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, kisichozidi miaka 10. Na Juni utatafuta mpishi mwingine.

Kwa hiyo kufunga miezi mitatu kuna gharama tatu tofauti. Kama watu 8 wana mikataba ya msimu iliyoandikwa tangu mwanzo kwamba inaishia Februari, ni TSh 7,500,000. Kama ni wa kudumu, wakachukua likizo mwezi mmoja na kukubali miwili bila malipo, ni TSh 11,036,000. Kama ni wa kudumu na hawakukubali, ni TSh 18,108,000, na hujauza hata soda.

*Matengenezo.* Faida kubwa ya kufunga ni kwamba fundi anaweza kuvunja bila kumsumbua mtu. Mabomba ya ndani, nyaya, vigae vya bafu, milango, vitanda: vyote fanya. Lakini usipange rangi ya nje Machi. Bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani kwa gundi pande zote, iache saa 24. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta una maji, na rangi utakayopaka itatoka kwa malengelenge kabla ya Oktoba. Karo nalo usilinyonye katikati ya mvua: maji ya ardhini yamepanda, shimo linajaa tena kwa kuta, na tangi la plastiki likiwa tupu linaweza kusukumwa juu. Makuti yanaezekwa kabla mvua hazijaanza au baada ya kukatika.

Kisha kuna adui ambaye loji yenye wageni haimjui: chumba kilichofungwa pwani kinaoza chenyewe. Maji yaliyo kwenye kona ya bomba chini ya sinki na bafu yanakauka baada ya wiki chache, na harufu ya karo pamoja na mende wanapanda kupitia hapo. Godoro lililolazwa linashika ukungu upande wa chini. Fundi awe na siku moja kila wiki ya kuzunguka vyumba vyote: avute maji chooni, afungulie bomba na bafu dakika tano, awashe kiyoyozi saa moja kwenye hali ya kukausha hewa, afungue madirisha kukiwa na jua. Magodoro yasimamishwe kwa ubavu, yasiguse ukuta. Jenereta liwashwe dakika 20 kila wiki likiwa limebeba mzigo, la sivyo Juni utanunua betri.

Kufungua tena kunadai siku 10 hadi 14. Matangi ya maji yasafishwe kwa klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 75 kwa kila lita 1,000, ilale usiku kucha, imwagwe, kisha tangi lisuuzwe.

*Akiba.* Pengo linajulikana mapema, na hilo ni jema. Ubaya wake ni kwamba hakuna hata shilingi inayoingia, kwa hiyo pesa yote iwe benki kabla ya siku ya kufunga, pamoja na ya kununulia gesi, vyakula na vinywaji vya wiki ya kwanza ya Juni.

*Inamfaa nani.* Loji ya ufukweni iliyo mbali na mji, ambayo barabara yake inageuka tope, na ambayo tangu mwanzo iliajiri kwa msimu. Pia yenye kazi kubwa ya ndani isiyoweza kufanywa na mgeni akiwa jirani.

Njia ya pili: kufungua nusu

*Ofa.* Ukibaki na vyumba 6, huhitaji kupiga kelele kujaza 14. Unachagua wageni wawili watatu wa kudumu: mkandarasi anayekaa wiki, mkaguzi, daktari wa mzunguko. Kwa hawa bei ya wiki inafaa kuliko punguzo la siku moja: usiku 6 kwa bei ya ofa, na shuka zinabadilishwa kila siku ya tatu. Dobi inapungua, na mhudumu anatumia dakika 25 badala ya 40.

*Saa za watu.* Hapa ndipo njia hii inapopata nguvu yake. Sheria inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Haikulazimishi kuzitumia zote. Walinzi na fundi wanabaki kama walivyo. Wale 8 wanashuka kutoka saa 45 hadi 30, na mshahara unashuka kwa kiwango hichohicho, kwa makubaliano ya maandishi yenye tarehe ya kuanza na ya kurudi. Kila mmoja asaini yake. Tangazo la ukutani si makubaliano. Angalia pia kwamba malipo ya kila saa hayashuki chini ya kima cha chini cha sekta. Mishahara na michango inakuwa TSh 4,125,000, gharama nyingine 900,000, jumla 5,025,000. Ukilinganisha na kuwa wazi kamili, umeokoa TSh 1,375,000 kwa mwezi, sawa na kuuza usiku 37 kwa bei ya ofa bila kutafuta mgeni hata mmoja.

Zamu zinatosha? Mapokezi yanahitaji mtu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, saa 16 kwa siku, 112 kwa wiki. Watu wawili wa mapokezi wanatoa 60. Mhudumu wa meza, ambaye jioni hana wengi wa kuhudumia, anatoa 30. Zinabaki 22, hizo ni za meneja au mwenye loji. Baada ya saa 4 usiku mlinzi anashika simu na kitabu cha wageni. Kwa miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, na jiko linabadilika lenyewe: mchana kimya, kazi inaanza alasiri kwa ajili ya futari. Zamu ya mpishi isogezwe ianze saa 9 alasiri, chai ya wageni wasiofunga iandaliwe na mtu mmoja, badala ya wapishi wawili kukaa asubuhi wakitazama sufuria.

Tazama sasa wahudumu wa vyumba. Watatu kwa saa 30 ni saa 90 za kazi kwa wiki. Vyumba viwili au vitatu vyenye wageni vinakula saa mbili kwa siku, yaani 14. Zinabaki 76. Hizo ndizo saa za kufua vyandarua na mapazia yote, kuanika magodoro, kusugua vigae na kuhesabu shuka. Umeshazilipia, zisipopangiwa kazi zinaishia kwenye benchi la nyuma.

*Matengenezo.* Bawa la nyuma linafungwa na kuingia mafundi, kisha mwezi unaofuata wageni wanahamia nyuma na mafundi wanakuja mbele. Sharti lake ni moja: kila bawa liwe na koki yake ya maji na swichi yake ya umeme. Bila hivyo, siku fundi anabadilisha bomba la nyuma, mgeni wa mbele anabaki na povu kichwani. Kama koki hakuna, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, Februari.

Kazi ya kwanza ndani ya vyumba iwe viyoyozi. Hewa ya chumvi inakula mapezi ya kifaa cha nje, na kifaa kinachoendelea kufanya kazi kikiwa kimeziba kinakula umeme zaidi bila kupoza. Kioshwe kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa, bomba la maji machafu lisafishwe, na skrubu zilizoshika kutu zibadilishwe kwa za chuma kisichopata kutu. Ukiona maji yanachuruzika ukutani chini ya kiyoyozi, mara nyingi si gesi iliyoisha. Ni lile bomba dogo limeziba kwa ute wa kijani.

Usumbufu ni sauti. Nyundo na kisaga vigae zianze saa 3 asubuhi, ziishe saa 10 jioni, na mgeni aambiwe kabla hajalipa.

*Akiba.* Tukikadiria usiku 45 uliouzwa Machi, 40 Aprili na 75 Mei, jumla 160, kwa 37,000 kila mmoja zinabaki TSh 5,920,000. Gharama ya miezi mitatu ni 15,075,000. Pengo ni TSh 9,155,000.

*Inamfaa nani.* Loji yenye wafanyakazi wa kudumu ambao hutaki kuwapoteza, yenye mabawa yanayotenganishika, na yenye wageni wa kazi wachache lakini wa uhakika. Haimfai mwenye vyumba vilivyopangwa kwenye korido moja yenye bomba moja.

Njia ya tatu: kubaki wazi kwa ofa

*Ofa.* Kabla ya kuchapisha tangazo la 55,000, fanya hesabu hii moja. Kwa bei ya kawaida kila usiku unabakiza 62,000. Kwa ofa unabakiza 37,000. Gawanya: 1.68. Maana yake, kama ungeuza usiku 60 bila ofa, lazima uuze 101 kwa ofa ili urudi palepale. Wageni 41 zaidi watoke wapi katikati ya Aprili? Ofa inaleta faida kwa yule tu ambaye bila hiyo asingekuja. Anayekuja kwa kuwa ana mzigo bandarini angekuja hata kwa 80,000, na ofa imempa zawadi.

Kwa hiyo ofa ifungwe mlango mmoja. Iwe kwa wanaolala kuanzia usiku wa tatu, au familia za wikiendi kutoka Masasi, Newala na Lindi, au wanaolipa kabla. Na si lazima iwe punguzo. Chumba kwa 80,000 pamoja na chakula cha jioni cha watu wawili, samaki na wali wa nazi, kinakugharimu TSh 20,000 za ziada na kinabakiza 42,000. Ni zaidi ya 37,000, na bei yako ya ukutani haijaguswa. Mgeni wa posho hata hivyo hakitaki chakula hicho: anataka risiti ya EFD yenye bei ya chumba peke yake, basi mpe hiyo. Tovuti za kuuza vyumba nazo huchukua kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Ofa ya 55,000 kupitia huko inabakiza 28,750 tu, kwa hiyo ofa kubwa ziuze kwa simu yako mwenyewe.

Soko la kweli la miezi hii ni vikao na mafunzo. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni, na Mei kuelekea Juni ofisi hukimbilia kumaliza shughuli zilizopangwa. Ukiwa na ukumbi wa watu 30, projekta, na usajili kwenye mfumo wa manunuzi ya serikali, NeST, unaingia kwenye zabuni. Angalizo: malipo yanaweza kuchukua wiki nyingi. Kikao cha Mei kinaweza kulipwa Agosti, kwa hiyo kwenye daftari ni mapato ila kwenye droo hamna kitu.

Jingine ni sera ya kuahirisha. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji na Mtwara ikakaa kwenye tahadhari. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara eneo la Somanga. Andika kwenye ofa kwamba barabara ikikatika mgeni anahamisha tarehe ndani ya miezi 6, harudishiwi pesa. Na weka stoo ya siku 10 za gesi, unga, mchele na maji.

*Saa za watu.* Wote 12 kwa saa zote. Kosa la kawaida hapa ni kulipa saa za ziada siku ya kikao, ambazo ni mara moja na nusu ya malipo ya saa, wakati siku nne zilizotangulia watu wamekaa bure. Panga siku za mapumziko kwa kufuata kitabu cha maombi, si kwa mazoea ya Jumapili.

*Matengenezo.* Madogo tu, chumba kimoja kimoja. Toa chumba kimoja sokoni siku tano kila wiki kwa zamu. Kwa wiki 13 utakuwa umepita 13 kati ya 14. Kazi kubwa zinasubiri, na zikisubiri miaka miwili zinakuja zenyewe, kwa kawaida Agosti.

*Akiba.* Ili usipate hasara unahitaji usiku 173 kwa mwezi, karibu vyumba 6 kila siku. Tukikadiria 60, 50 na 95, jumla 205, kwa 37,000 zinabaki TSh 7,585,000 dhidi ya gharama ya 19,200,000. Pengo ni TSh 11,615,000.

*Inamfaa nani.* Loji ya Mtwara mjini au Lindi mjini yenye ukumbi, karibu na ofisi, na yenye mtu anayejua kufuata vikao.

Namba zikiwa bega kwa bega

| | Kufunga | Kufungua nusu | Wazi kwa ofa |
|---|---|---|---|
| Gharama ya miezi 3 | 7,500,000 (mikataba ya msimu) hadi 18,108,000 (ya kudumu) | 15,075,000 | 19,200,000 |
| Kinachobaki kutokana na wageni | 0 | 5,920,000 | 7,585,000 |
| Pengo | 7,500,000 hadi 18,108,000 | 9,155,000 | 11,615,000 |

Safu ya kufunga ndiyo pana kuliko zote, na upana huo wote umetokana na karatasi za mikataba, si mvua wala wageni. Kama mishahara inasimama kweli, kuwa wazi kamili kunaizidi njia ya kufunga pale tu unapouza usiku 106 au zaidi kwa mwezi, kama vyumba vitatu na nusu kila siku. Kama mishahara haisimami, usiku 10 tu kwa mwezi unatosha kufanya kufunga kuwe hasara.

Akiba inawekwa msimu ukiwa mzuri, kwa kiwango cha kila usiku uliouzwa. Tuseme umechagua kufungua nusu: pengo 9,155,000, ongeza matengenezo 4,000,000, jumla TSh 13,155,000. Ukiuza usiku 1,800 kati ya Julai na Januari, ni kama 7,300 kila mmoja. Zungusha iwe 7,500. Kila Jumatatu hesabu usiku uliouzwa wiki iliyopita, zidisha, hamishia akaunti nyingine isiyo na kadi. Awamu za kodi ya makadirio za 31 Machi na 30 Juni, kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba, zitenge peke yake. Zinaangukia wakati droo ina mwangwi.

Kwa hali yako

Kama uko Msimbati au ufukwe wa mbali na watu wako ni wa msimu, funga, lakini mlipe fundi wa kuzunguka vyumba kila wiki. Kama watu ni wa kudumu na hamjaandikishana lolote, usifunge mwaka huu. Fungua nusu, wape likizo kwa zamu wanne wanne Machi na Aprili, na mikataba izungumzwe Juni mapema kwa ajili ya mwaka ujao, ofisa kazi wa mkoa akiwa ameipitia.

Kama uko mjini na una ukumbi, baki wazi, ila Aprili peke yake unaweza kuendesha nusu kisha ukarudisha saa zote wiki ya kwanza ya Mei kabla ya vikao. Kama una akiba isiyofika milioni tano na Februari imeshaingia, kufunga bila mikataba ya msimu kutakumaliza haraka kuliko vyumba vitupu. Nenda nusu, ahirisha kila tengenezo isipokuwa viyoyozi na mabomba yanayovuja, na usichukue kikao cha mkopo kinachozidi theluthi ya vyumba vyako.

Na kama paa la makuti limeanza kuonyesha mwanga, liezeke Oktoba au mapema Novemba, hata kama itabidi ufunge vyumba viwili wakati wanunuzi wa korosho wamejaa mjini.